Ukitilia shaka picha ya mgombea, anza na mandhari, sura iache mwisho

Swali: *Shikamoo mtaalamu. Kwenye groupu letu la WhatsApp la mtaa kuna picha ya mgombea wetu wa ugavana akikumbatiana na mpinzani wake mkubwa, na maandishi kwamba wameshauziana kura zetu. Wengine wanasema sura imebandikwa, wengine wanaapa ni ya kweli. Mimi nina simu ya kawaida tu, kompyuta sina. Nitajuaje kabla sijawatumia wengine?*

Jibu: Marahaba. Anza na kile ambacho mchezea picha hakukigusa. Anayebandika sura ya mwanasiasa kwenye mwili wa mtu mwingine huhangaika na kichwa na shingo, maana hapo ndipo uongo wake ulipo. Suti, mikono, viti, mapazia, zulia na mti wa nyuma huviacha kama alivyovikuta, kwa sababu kuvibadilisha ni kazi kubwa na anajua hakuna atakayevitazama. Vitu hivyo bado ni vya picha ya asili, na picha ya asili mara nyingi ingali mtandaoni, kwa kuwa huko huko ndiko alikoichukua. Ukiipata hiyo, mabishano ya groupu yamekwisha. Ukibaki kukodolea macho sura na kuuliza kama "inafanana", mtabishana hadi siku ya kura.

Nikupe mfano ambao picha zake zote mbili zinajulikana. Januari 2020, siku chache baada ya Marekani kumuua jenerali wa Iran Qassem Soleimani, mbunge wa jimbo la Arizona, Paul Gosar, aliweka Twitter picha ya Barack Obama akipeana mkono na Hassan Rouhani, Rais wa Iran. Maneno aliyoyaandika juu yake yalisema dunia ni mahali pazuri zaidi bila hao wawili madarakani. Picha ya asili ilipigwa Bali, Indonesia, Novemba 2011, na aliyekuwa anapeana mkono na Obama ni Manmohan Singh, Waziri Mkuu wa India wakati huo. Mtu alikitoa kichwa cha Singh pamoja na kilemba chake, akaweka cha Rouhani. Mkono uliokuwa ndani ya mkono wa Obama ulibaki wa Singh.

Kilichonifanya niuchague mfano huu ni kwamba picha hiyo haikuwa ngeni. Ilikuwa imeshatumika mwaka 2015 katika tangazo la kumpigia debe seneta wa Wisconsin, Ron Johnson, na waandishi wa habari walikuwa wameshaieleza wakati huo huo kuwa ni ya kutengenezwa. Miaka mitano baadaye ikarudi kama mpya. Ndivyo zilivyo nyingi kati ya hizi: hazitengenezwi usiku wa kuamkia uchaguzi, hutolewa kabatini. Kwa hiyo uwezekano ni mkubwa kwamba picha unayoihangaikia leo mtu mwingine ameshaihangaikia na akaandika alichokipata.

Tena hapo hata intaneti haikuhitajika sana. Januari 2020 Rouhani alikuwa bado rais, kwa hiyo maneno yale yalijipinga yenyewe. Aidha, Obama na Rouhani hawakuwahi kukutana ana kwa ana. Walizungumza kwa simu tarehe 27 Septemba 2013, na simu hiyo peke yake ilikuwa habari ya dunia nzima, kwa sababu marais wa nchi hizo mbili hawakuwa wamezungumza tangu mapinduzi ya Iran ya 1979. Kama simu tu ilitikisa dunia, je, kupeana mkono kungebaki kwenye picha moja isiyo na mwenyewe? Swali hilo liweke akiba, tutalihitaji kwenye hiyo picha yako ya kukumbatiana.

Kwenye simu unafanyaje

Ifungue picha ndani ya WhatsApp, ijaze kioo, kisha gusa vitone vitatu vya juu. Kwenye matoleo ya karibuni utaona `Search on web`. Ukigusa, WhatsApp itakuomba ruhusa kwanza, kwa kuwa picha inapakiwa kwenda Google, halafu majibu yanafunguka kwenye kivinjari. Kama simu yako haina chaguo hilo, hifadhi picha, fungua programu ya Google, gusa alama ya kamera iliyo kwenye kisanduku cha kutafutia, chagua picha kutoka kwenye galari. Picha ya WhatsApp huwa imeshabanwa ikawa ndogo, kwa hiyo bando halitaumia.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaipakia picha nzima, Google inaitambua sura ya mwanasiasa mashuhuri, na inawaletea mamia ya picha zake akiwa kwenye mikutano, bungeni na msikitini. Wanasema, "Nimetafuta, sikuona kitu," na wanaituma. Wewe fanya kinyume chake. Picha ikishafunguka kwenye Google Lens, ndiyo hiyo sehemu ya Google ya kutafuta kwa picha, utaona fremu yenye kona nne unazoweza kuzivuta. Zivute mpaka sura ibaki nje. Acha ndani kiwiliwili, mikono na sehemu ya nyuma. Ukimaliza, vuta tena fremu ibaki na mandhari peke yake: ukuta wenye picha, jukwaa, kipande cha bango, gari. Kwa picha ya Obama, ungeacha mikono iliyoshikana na kilicho nyuma yake. Kwa hiyo ya kwenu, acha migongo, mikono iliyokumbatia na kilichoko nyuma ya mabega.

Kabla ya hapo kata kila kitu kilichoongezwa juu ya picha. Nyingi zinazozunguka ni picha za skrini: juu kuna saa na betri ya simu ya mtu, chini kuna utepe mwekundu wenye maandishi makubwa. Mashine ya kutafutia husoma maandishi hayo na kukuletea mabango mengine yenye maneno kama hayo badala ya picha unayoitaka. Kama picha mbili zimeunganishwa kando kwa kando, zikate utafute moja moja.

Majibu yakija, fungua sehemu iliyoandikwa `Exact matches` kama ipo, maana zile za mwanzo ni picha zinazofanana tu. Tafuta nakala iliyo kubwa zaidi, iliyo pana zaidi na ya zamani zaidi. Upana ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani. Mtu anaweza kuikata picha ikawa ndogo, lakini hawezi kukipata tena kilichokatwa, kwa hiyo nakala inayoonyesha mtu wa tatu pembeni, ambaye kwenye yako hayupo, iko karibu zaidi na asili. Tovuti ya tineye.com inafaa kwa suala la umri: unapakia picha, kisha unapanga majibu kwa `Oldest`. Jua tu kwamba tarehe inayoonyesha ni ile ambayo TinEye yenyewe iliiona picha hiyo mara ya kwanza. Picha inaweza kuwa kongwe kuliko hapo, lakini haiwezi kuwa changa zaidi. Ikiwa picha inayodaiwa kuwa ya juzi ilionekana miaka mitatu iliyopita, basi.

Kuna picha zinazokwepa utafutaji huu kwa kugeuzwa kushoto kulia, kama kwenye kioo. Hilo ni jambo la sekunde mbili kwa mchezea picha na linazichanganya baadhi ya mashine. Njia ya haraka ya kulishtukia ni maandishi ya mabango yanayosomeka kinyumenyume, lakini mjanja atakuwa ameyakata. Basi tazama mfuko wa shati la mwanamume. Kwa kawaida huwa upande wa kushoto wa mvaaji, yaani kulia kwako unapomtazama usoni. Ukiuona upande wa pili, igeuze picha kwenye sehemu ya kuhariri ya galari yako, halafu utafute upya.

Tarehe iliyo kwenye jina la faili nayo huwadanganya watu wazima kabisa. Picha iliyohifadhiwa kutoka WhatsApp kwenye Android hupewa jina la namna hii:

```
IMG-20270803-WA0012.jpg
```

Hiyo 20270803 ni siku simu yako ilipoipokea, 3 Agosti 2027. Haisemi lolote kuhusu siku iliyopigwa. Taarifa za kamera, saa na mahali ambazo huwa ndani ya faili la picha, WhatsApp huzifuta inapoibana. Ukimpata mtu anayesema yeye ndiye aliyepiga, mwombe akutumie faili lile lile kama dokyumenti, si kama picha. Hapo taarifa hizo huja nazo. Anayeipiga kweli hatasumbuka. Anayeipata kwa mwenzake ataanza kujiuma.

Picha mbili zilizofanywa moja

Kubandika kichwa ni njia mojawapo. Nyingine, ambayo ndiyo naishuku zaidi kwa picha ya kukumbatiana au kukaa pamoja, ni kuchukua picha mbili za kweli na kuzisimamisha bega kwa bega. Mfano wake maarufu ni wa uchaguzi wa Marekani wa 2004. Februari mwaka huo ilisambaa picha ya John Kerry, aliyekuwa anawania tiketi ya chama cha Democratic, akiwa amesimama jukwaa moja na mwigizaji Jane Fonda kwenye mkutano wa kupinga vita vya Vietnam. Kwa wapiga kura wengi waliopigana vita hivyo, Fonda lilikuwa jina la kuwachefua. Picha ilitengenezwa ikafanana na kipande cha gazeti, pamoja na kichwa cha habari na maelezo chini yake yaliyotaja shirika la habari la AP.

Kerry kweli alipigwa picha ile, na mpiga picha Ken Light, tarehe 13 Juni 1971 huko Mineola, New York. Alikuwa peke yake. Fonda naye kweli alipigwa picha yake, na Owen Franken, Agosti 1972 huko Miami Beach, Florida. Kati ya picha hizo mbili kuna zaidi ya mwaka mmoja na safari ndefu ya ndege. Light alikuwa na negativu yake, na humo hakukuwa na Fonda.

Mtu wa kawaida angejuaje bila negativu? Kwa kufuata jina lililoandikwa. Picha ilijitaja kuwa ya AP, na AP ni shirika lenye hazina ya picha zake. Kama haimo humo, maelezo ni ya uongo hata kabla hujaitazama picha yenyewe. Hali ni hiyo hiyo hapa kwetu. Kuelekea uchaguzi wa Kenya wa 2017 zilisambaa video zenye nembo za BBC na CNN zenye takwimu za kura za maoni, na mashirika yote mawili yakazikana. Nembo kwenye kona ya picha ni rangi tu, yeyote anaweza kuipaka. Ukurasa wa mbele wa gazeti unaotumiwa na mtu usiku wa manane, ufungue kwenye akaunti ya gazeti lenyewe, linganisha tarehe na kichwa kikuu cha siku hiyo. Picha inayotaja chombo cha habari ni rahisi kuikagua kuliko isiyotaja chochote, kwa sababu imekupa mlango wa kubisha.

Lakini kisa hicho cha Kerry kina mkia, nao ni wa kuangaliwa. Kulikuwepo picha nyingine, ya 1970 huko Valley Forge, Pennsylvania, inayomwonyesha Fonda mbele na Kerry akiwa safu kadhaa nyuma yake katikati ya hadhira. Hiyo ni ya kweli. Wawili hao waliwahi kuwa mkutano mmoja. Hawakuwahi kusimama pamoja jukwaani kama ilivyodaiwa. Kwa hiyo ukigundua kwamba picha moja ni ya kutengenezwa, sema hivyo hivyo: picha hii imetengenezwa. Usirukie kusema wagombea wenu hawajawahi kukutana, maana hilo hukulichunguza, na mtu akileta picha ya kweli ya harusi walikokutana, hata ukweli wako wa kwanza hautaaminiwa tena.

Macho yanasaidia wapi, na yanadanganya wapi

Ukiikuza picha, tazama mahali pa kuungia: shingo inapoingia kwenye kola, nyuma ya sikio, na ukingo wa nywele au kofia. Linganisha rangi ya uso na ya mikono ya mtu huyo huyo. Kisha tafuta kivuli chini ya pua na chini ya kidevu kwa kila mtu. Kama jua linampiga mmoja kutoka kushoto na mwenzake aliye karibu naye kutoka kulia, uliza maswali. Kwa picha ya kukumbatiana, hesabu mikono. Kila mkono unaouona ufuate hadi begani ujue ni wa nani. Mkono usio na mwenyewe, au bega ambalo mkono wake haujulikani ulikokwenda, ni alama nzuri kuliko "uso umekaa vibaya".

Kwa fulana na kofia za kampeni, tazama maandishi kwenye mikunjo. Nguo ikijikunja, herufi hujikunja nayo; herufi zilizonyooka juu ya kitambaa kilichokunjamana zimewekwa baadaye. Na pale rangi ya chama inapobadilishwa kwa programu, rangi ya zamani hubaki imeng'ang'ania sehemu moja au mbili: ukingoni mwa mkono wa fulana, kati ya vidole vilivyoishika, au kwenye kioo cha gari lililo nyuma.

Hata hivyo, mimi nisingemhukumu mtu kwa alama hizi peke yake, na nakushauri nawe usifanye hivyo. WhatsApp inapoibana picha, huigawa katika vijisanduku vidogo, na ukiikuza sana utaona mabaka na ukungu kuzunguka kila kichwa, hata kwenye picha ya mjomba wako. Simu nyingi nazo zimepangwa kiwandani zikaze mipaka ya vitu na kulainisha ngozi, kwa hiyo uso laini kuliko mikono si ajabu tena. Mwanga wa jua ukiungana na taa za kamera hutoa vivuli viwili. Nimeona picha halali kabisa zikiitwa bandia kwa sababu ya ukungu huo. Macho yakupe shaka; uamuzi uutoe kwa picha ya asili au kwa tukio lenyewe.

Tukio lenyewe lilipigwa na nani mwingine?

Njia hii inafaa hasa pale picha ya asili isipopatikana, na siku hizi hilo hutokea zaidi kwa sababu picha nzima inaweza kuzalishwa na akili unde. Hapo hakuna picha ya asili ya kutafuta, Google Lens itarudi mikono mitupu. Baadhi ya programu huacha alama iliyofichwa ndani ya picha wanazozizalisha, na sehemu ya `About this image` kwenye Google inaweza kuisoma kwa zile zilizotoka kwenye zana za Google yenyewe. Alama ikionekana, shaka imekwisha. Isipoonekana hujapata jibu lolote, kwa kuwa kuna zana nyingine tele ambazo alama yao Google haiisomi.

Basi rudi kwenye lile swali la akiba. Mgombea wa ugavana hatembei peke yake wiki za kampeni. Ana mpiga picha wake, ana vijana wa mitandaoni, ana walinzi, na popote anaposhuka kwenye gari simu kumi zinainuliwa. Wapinzani wawili wakikumbatiana kweli, kutakuwa na picha ya upande wa kushoto, ya upande wa kulia, video iliyotikisika, na mtu atakayesema alikuwepo. Tafuta pembe ya pili. Uliza kwenye groupu: ni wapi, lini, kwenye shughuli gani? Ukipata jina la mahali na siku, ingia kwenye kurasa za wagombea wote wawili na za redio ya eneo hilo uone siku ile walikuwa wapi na walivaa nini. Nguo ni kipimo kizuri, kwani mgombea hupigwa picha kutwa nzima akiwa na shati lile lile. Aliyeonekana asubuhi hadi jioni kwa kanzu nyeupe hakuwa na suti ya buluu saa tisa mchana.

Pembe ya pili hufanya kazi pia upande wa pili, kuitetea picha ya kweli. Agosti 2024 Kamala Harris alifanya mkutano kwenye uwanja wa ndege wa Detroit. Siku chache baadaye Donald Trump akadai kwamba umati unaoonekana kwenye picha ya pale karibu na ndege haukuwepo, umetengenezwa na akili unde. Ilikuwa picha halali. Vyombo vya habari vingi vilikuwa pale, mkutano ulirushwa moja kwa moja, na umati ule ule ulionekana kutoka pembe nyingi zilizopigwa na watu wasiojuana. Kupanga kamera kumi zisizojuana ziseme uongo mmoja ni kazi ngumu kuliko kutengeneza picha moja. Kwa hiyo yule anayeapa kwenye groupu kwamba "siku hizi zote ni akili unde" naye anadaiwa ushahidi sawa na yule anayeapa kwamba ni ya kweli.

Pembe ya pili ikikosekana kwa tukio la hadharani, mimi ningeihesabu picha hiyo kuwa haijathibitishwa na ningeiacha kwenye simu yangu. Kwa tukio la faragha, kama kikao cha hotelini, kukosekana kwake hakuthibitishi chochote, na hapo itabidi usubiri wenye kazi hiyo. Nchini Kenya wapo Africa Check na PesaCheck. Tanzania wapo JamiiCheck na Nukta Fakti. Kongo wapo Congo Check. Tazama kwanza kama wameshaishughulikia. Kwenye Google andika namna hii, ukibadilisha maneno ya mwisho kulingana na kinachoonekana kwenye picha:

```
site:pesacheck.org photo altered governor
```

Andika kwa Kiingereza na tena kwa Kiswahili, maana uchunguzi mwingi huandikwa kwa lugha moja tu.

Kwenye groupu

WhatsApp huweka mishale miwili na maneno `Forwarded many times` juu ya ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi, na kuanzia hapo haikuruhusu kuutuma zaidi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ukiiona alama hiyo, jua aliyekutumia hana habari nayo kuliko wewe, usipoteze muda kumhoji. Isipokuwepo usifarijike. Mtu akihifadhi picha na kuituma upya kutoka galari, hesabu inaanza sifuri.

Ukiipata picha ya asili, usiirushe ile bandia tena ikiwa safi ili "kuwaonya watu". Nakala yako itatolewa kwenye groupu bila maelezo yako na itaendelea na safari. Fungua sehemu ya kuhariri, andika BANDIA kwa herufi kubwa katikati, juu ya sura yenyewe, si pembeni ambako itakatwa. Iweke kando ya picha ya asili katika picha moja, na chini andika mahali na mwaka wa ile ya asili. Aliyeituma mwanzo mwandikie faragha kabla ya kuandika groupuni. Mwenye heshima yake ataifuta mwenyewe, lakini ukimwumbua mbele ya majirani ataitetea hadi Januari.

Na kama umeshaituma, shikilia ujumbe wako, gusa alama ya kufuta, chagua `Delete for everyone`. WhatsApp inakupa takriban siku mbili na nusu tangu ulipoutuma. Msimamizi wa groupu naye anaweza kuufuta kwa wote ndani ya groupu lake. Walioipokea kwako na kuipeleka kwingine hawaguswi na ufutaji huo, wala waliokwisha kuihifadhi kwenye simu zao, kwa hiyo wapelekee ile picha yenye muhuri siku hiyo hiyo, mmoja mmoja, ukianza na yule unayemjua ana magroupu mengi.